Asidi mbili, zote pH 3: ipi itakula alkali nyingi? Mwongozo wa kusahihisha unasema sawa

#1 Kaka Mkubwa
Wakuu, salama? Mdogo wangu kaja na karatasi ya jaribio la kemia na nyumba nzima imegeuka bunge. Swali nalinakili kama lilivyo:

"Bika P ina mililita 25 za asidi ya haidrokloriki yenye pH 3. Bika Q ina mililita 25 za asidi ya ethanoiki yenye pH 3. Kila moja inatitiriwa kwa sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita. (a) Asidi ipi ina nguvu zaidi? (b) Bika ipi itahitaji alkali nyingi zaidi?"

Dogo kajibu (a) P, (b) Q. Kapata sifuri kwenye zote mbili. Mwongozo wa mwalimu unasema nguvu ni sawa na alkali itatumika sawa, "kwa kuwa pH ni sawa". Mimi kwa akili yangu ya kawaida nilidhani jibu la (b) ni P, maana asidi yenye nguvu ndiyo inayohitaji alkali nyingi kuituliza. Kwa hiyo hapa tuna majibu matatu. Nani yuko sahihi?

#2 Chokochoko
Naweka kambi hapa. Uzi wenye majibu matatu kwenye chapisho la kwanza huwa hauishi vizuri.

#3 Ticha Jioni
Mwongozo uko sahihi, msihangaike. pH ndiyo kipimo cha nguvu ya asidi, ndivyo tunavyofundisha. pH 3 ni moli 0.001 za ioni za haidrojeni kwa lita, iwe P iwe Q. Ioni za haidrojeni ndizo zinazokutana na ioni za haidroksaidi kutengeneza maji. Ioni zikiwa sawa, alkali itakuwa sawa. Dogo asome tena sura ya pH.

#4 Bi Pipeti
Ticha, sentensi yako ya moli 0.001 ni kweli tupu: ioni za haidrojeni zilizo huru kwenye bika hizo mbili zinalingana. Ile ya kwamba pH ndiyo kipimo cha nguvu, na ile ya kwamba ioni zikiwa sawa alkali itakuwa sawa, ndizo zenye shida. Dogo amepatia zote mbili, na Kaka Mkubwa amepata (a) kisha akateleza kwenye (b) kwa sababu tofauti kabisa na ya mwongozo.

Tuanze na P. Asidi ya haidrokloriki ikiingia kwenye maji inavunjika yote. Ukikuta pH 3, ujue asidi yote iliyomo ni moli 0.001 kwa lita, hakuna akiba iliyojificha popote.

Q ni habari nyingine. Ethanoiki inavunjika kidogo tu, na molekuli nyingi zinabaki nzima. Ili molekuli chache zinazovunjika zifikishe moli 0.001 za ioni kwa lita, lazima asidi yenyewe iwe nyingi. Ka yake, yaani namba inayoonyesha asidi inapenda kuvunjika kiasi gani ndani ya maji, ni karibu 1.8 × 10⁻⁵. Ukigawanya 0.001 × 0.001 kwa Ka unapata karibu 0.056, ndizo molekuli zilizobaki nzima. Ongeza 0.001 iliyokwisha kuvunjika, unapata karibu moli 0.057 kwa lita.

Kwa hiyo Q ina asidi mara hamsini na kitu kuliko P, ingawa pH zao ni ileile. Mililita 25 za P zitamalizwa na mililita 0.25 za alkali. Mililita 25 za Q zitahitaji kama 14.

#5 Nusu Moli
Subiri kwanza dada. Kama kwenye Q ioni zilizo huru ni 0.001 tu, alkali inakutana na nini baada ya kuzimaliza hizo? Molekuli nzima haina ioni ya kutoa.

#6 Bi Pipeti
Hapo ndipo penyewe, Nusu Moli. Alkali ikiondoa ioni zilizo huru, molekuli nyingine zinavunjika kuziba pengo. Ukiondoa tena, zinavunjika tena, na zinafanya hivyo haraka kiasi kwamba huoni kusimama. Bureti inahesabu asidi yote, iliyovunjika na isiyovunjika. Kipima pH kinasoma ioni zilizo huru wakati huo tu.

#7 Mzee wa Tindikali
Nampa mkono Bi Pipeti. Wajukuu zangu huwa nawaambia hivi: pH inakuonyesha hela iliyo mfukoni mwa mtu, titresheni inakuonyesha na iliyo benki. P ana mia mfukoni na benki hana kitu. Q naye ana mia mfukoni, ila kila ukimnyang'anya anaenda kutoa nyingine.

#8 Chokochoko
Mzee, Q wa hivyo nitambulishe.

#9 Ticha Jioni
Mfano wa hela ni mtamu, lakini hamjajibu hoja. Kama pH si kipimo cha nguvu, kwa nini chati ya rangi ya kiashiria cha kila aina imeandikwa "asidi yenye nguvu" upande wa nyekundu, 1 hadi 3, na "asidi dhaifu" kwenye njano, 5 na 6? Chati hiyo imebandikwa kwenye maabara nyingi tu. Yote ni makosa?

#10 Bi Pipeti
Chati inafaa kwa jambo moja: kukuambia mmumunyo ulio mbele yako una uasidi kiasi gani sasa hivi. Haijui mmumunyo umetokana na asidi gani wala umetiwa maji kiasi gani.

Chukua haidrokloriki ya moli 0.00001 kwa lita. pH yake ni 5, na chati itaiita dhaifu. Je, imeacha kuvunjika yote? Hapana, bado ni asidi yenye nguvu, ila imezimuliwa sana. Upande wa pili, chukua ethanoiki ya moli 1 kwa lita. pH yake ni 2.4 hivi, chati itaiita yenye nguvu, na wakati huohuo kati ya molekuli 1,000 zake zilizovunjika hazifiki hata 5. Kwa chati hiyo, dhaifu amekuwa shujaa na shujaa amekuwa dhaifu kwa kazi ya maji tu.

Nguvu ni tabia ya asidi yenyewe: ikiwa ndani ya maji inapenda kuvunjika kiasi gani. Ukolezi ni wewe uliyeamua, uliweka kiasi gani kwenye lita. pH inatokana na vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo ukipewa pH peke yake huwezi kurudi nyuma ukajua kipi kimeleta nini.

#11 Fundi Betri
Mimi kemia niliishia njiani ila tindikali naishika kila siku. Naomba kueleweshwa. Betri ya gari ikiisha chaji, hidromita inashuka kutoka 1.28 mpaka 1.1 na kitu. Sisi tunasema "asidi imeisha nguvu". Wateja wengine wanataka tuongeze asidi. Je, kwa mujibu wa uzi huu asidi ya betri imegeuka kuwa dhaifu?

#12 Kaka Mkubwa
Fundi, swali letu ni la P na Q, betri imeingiaje?

#13 Mzee wa Tindikali
Mwache, kaingia mlango sahihi. Fundi, asidi ya betri ni ya salfuriki, na ni ya nguvu betri ikiwa na chaji au haina. Betri inapotumika, salfati inahamia kwenye sahani za risasi na maji yanatengenezwa, kwa hiyo mmumunyo unapungua ukolezi na hidromita inashuka. Ukichaji, salfati inarudi. Ndiyo maana betri isiyo na chaji haiongezewi asidi: asidi yake ipo, imelala kwenye sahani. Ukimwaga nyingine humo halafu ukachaji, mmumunyo utakolea kupita kiasi na kula sahani. Na kiwango kikishuka kwa sababu ya mvuke, kilichopotea ni maji, ndiyo maana unarudisha maji safi yaliyokenekwa.

Kwa lugha ya uzi huu: kilichoshuka ni ukolezi. Nguvu iko palepale.

#14 Fundi Betri
Nimeelewa mzee, ubarikiwe. Kesho kuna mteja nitambishia kwa raha zangu.

#15 Ticha Jioni
Sawa, tuseme nakubali kwa P na Q. Lakini mnasema nguvu haibadiliki ukizimua. Si kweli kwa asidi dhaifu. Ukiitia maji, asilimia inayovunjika inapanda. Hiyo imo kwenye silabasi kabisa. Ikivunjika zaidi si imepata nguvu? Ukiizimua vya kutosha inavunjika karibu yote, maana yake imekuwa asidi yenye nguvu.

#16 Nusu Moli
Hili nami linanichanganya kweli. Kama nguvu ni kuvunjika, na kuvunjika kunaongezeka, basi?

#17 Bi Pipeti
Ticha, asilimia kupanda ni kweli, hilo hatubishani. Q yetu ilipokuwa pH 3, kama asilimia 1.8 ya molekuli ilikuwa imevunjika. Zimua mara kumi, asilimia inafika 5 na nusu hivi. Lakini angalia kilichotokea kwa pH: imepanda kutoka 3 hadi 3.5. Yaani ioni kwenye kila lita zimepungua, ingawa sehemu iliyovunjika imeongezeka. Ukiiita hiyo "kupata nguvu", itabidi useme asidi imepata nguvu huku uasidi wa mmumunyo ukishuka.

Ndiyo maana wanaolinganisha nguvu hawatumii asilimia, kwa kuwa asilimia nayo inafuata ukolezi. Wanatumia Ka. Ka ya ethanoiki kwenye nyuzi 25 ni ileile kabla na baada ya kutia maji. Ukitaka kutumia asilimia, basi linganisha asidi mbili zikiwa na ukolezi uleule.

Na hapo kuna zawadi kwa mdogo wake Kaka Mkubwa. Ukipewa chupa mbili hazina lebo, zote pH 3, huhitaji hata bureti. Zimua kila moja mara kumi, pima tena. Ya haidrokloriki itakwenda 4. Ya ethanoiki itagota 3.5. Ile inayosuasua kupanda ndiyo dhaifu.

#18 Nusu Moli
Sasa nikizimua haidrokloriki mara kumi, kisha mara kumi, kisha tena na tena, itapanda moja moja mpaka 8 na 9? Itageuka alkali?

#19 Mzee wa Tindikali
Swali zuri, na kuna wanaoandika pH 8 kwenye mtihani bila hata kushtuka. Asidi haiwezi kuwa alkali kwa kutiwa maji safi. Ukifika moli 10⁻⁸ kwa lita, ioni zinazotoka kwenye maji yenyewe ni nyingi kuliko za asidi, kwa hiyo huwezi kuzipuuza. Hesabu ukiifanya kikamilifu unapata 6.98. Inakaribia 7 na haivuki.

#20 Bwana Majaribio
Nimesoma kimya ila hapa lazima niongee. Mimi niliwahi kuwafanyisha wanafunzi P na Q kwa mikono, siyo kwenye daftari. Nawapa vipimo mtakaotaka kujaribu: P ni mililita 1 ya haidrokloriki ya moli 0.1, jaza maji hadi mililita 100. Q ni mililita 5.7 za ethanoiki ya moli 1, jaza hadi 100. Kipima pH kikiwa kimesawazishwa vizuri zote zitasoma karibu sana na 3. Kiashiria ni fenolfthalini. Methili oranji hapa msiiguse, kwa Q itaanza kubadilika mapema mno, wakati asidi haijaisha.

Basi. Kikundi cha kwanza kikaanza na P, sodiamu haidroksaidi ya 0.1 kwenye bureti. Tone, tone, tone, tone, tone, pinki! Matone matano. Wakasimamisha kazi wakaniita: "Mwalimu bureti inavuja." Wakaosha, wakarudia, ikawa vilevile. Wa tatu akadai chupa ya P imejazwa maji ya bomba.

Wakahamia Q. Mililita moja, hakuna kitu. Mbili. Tano. Kumi. Kuna binti alikuwa anachungulia lebo ya chupa kila baada ya dakika, maana ilikuwa imeandikwa "asidi dhaifu" kwa wino mwekundu. Pinki ilikuja kwenye 14 na kidogo.

Ushauri wa kiufundi: ukitaka usomaji wa P unaoaminika usitumie alkali ya 0.1, kwa sababu tone moja ni karibu mililita 0.05 na jibu lako zima ni matone matano. Kosea tone moja, umekosea asilimia 20. Izimue alkali hadi 0.001, utatumia mililita 25. Ila hapo ujue kaboni dioksaidi ya hewani itakusumbua, pinki inafifia ukiiacha.

#21 Kaka Mkubwa
Hii ya matone matano nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani. Dogo anaruka ruka. Sasa nielezeni mimi: kwa nini kichwani mwangu ilikuwa wazi kabisa kwamba yenye nguvu ndiyo itakula alkali nyingi?

#22 Bi Pipeti
Kwa sababu unaifikiria alkali kama mtu anayepambana na asidi, na mwenye nguvu anahitaji kupigwa sana. Alkali haipambani, inahesabu. Moli moja ya haidrokloriki inamalizwa na moli moja ya sodiamu haidroksaidi. Moli moja ya ethanoiki vilevile. Ungepewa P na Q zenye ukolezi sawa, tuseme 0.1 zote, mililita 25 kila moja, pH zingekuwa 1 na 2.9, na zote mbili zingetumia mililita 25 za alkali yako. Hapo ndipo jibu "sawa" lingekuwa sahihi.

Nina hisia mtunzi wa mwongozo alichanganya maswali mawili. Ukolezi sawa, alkali sawa. pH sawa, alkali si sawa.

#23 Ticha Jioni
Au mtunzi alitaka tu mwanafunzi aonyeshe uelewa wa pH. Tusimhukumu mtu hayupo.

#24 Chokochoko
Ticha mbona unamtetea kwa uchungu hivyo? Mwongozo umeandika wewe nini?

#25 Ticha Jioni
Hapana mkuu. Ila nami nimeshasahihisha karatasi 200 usiku mmoja, najua hali.

#26 Mzee wa Tindikali
Chanzo cha mkanganyiko, kwa maoni yangu, ni mazoezi yenyewe. Kwa miaka yote ya sekondari mwanafunzi anapewa haidrokloriki tu kwenye hesabu za pH. Kwa haidrokloriki ukolezi wa asidi na ukolezi wa ioni ni namba moja, kwa hiyo anazoea kwamba pH, ukolezi na nguvu ni kitu kimoja chenye majina matatu. Siku akiletewa ethanoiki anaendelea na mazoea.

#27 Bwana Majaribio
Mimi nalaumu maabara. Kwenye kabati haidrokloriki huwa tayari imezimuliwa na ethanoiki vivyo hivyo, zote 0.1. Mwanafunzi anaona moja ina pH 1 na nyingine karibu 3, anahitimisha pH ndiyo nguvu. Na kwa chupa hizo hitimisho lake ni sahihi! Hajawahi kukutana na dhaifu iliyokolea ikisimama kando ya yenye nguvu iliyozimuliwa.

#28 Salma wa Usalama
Na sisi tunaofanya kazi ghalani tunalaumu hofu. Mtu akisikia "dhaifu" anavua glovu. Ethanoiki isiyo na maji ni asidi dhaifu, lakini inaunguza ngozi na mvuke wake unashika moto. Mbaya zaidi ni haidrofloriki. Ka yake iko kama 7 × 10⁻⁴, kwa vitabu ni dhaifu. Inapenya ngozi, inafunga kalsiamu mwilini, na ikiwa imezimuliwa maumivu yanaweza kuchelewa saa kadhaa, mtu anadhani amesalimika. Inaua. Haidrokloriki ya 0.001 ya bika P, ambayo ni "yenye nguvu", ikikumwagikia unasuuza kwa maji na kuendelea na kazi.

#29 Nusu Moli
Sasa hii inaniogopesha kuliko mtihani.

#30 Fundi Betri
Dada Salma umenigusa. Kwetu kuna kijana alisikia amonia ni "besi dhaifu" akafungua galoni akanusa. Alikaa chini robo saa machozi yanamtoka.

#31 Salma wa Usalama
Pole yake. Amonia ndiyo mfano wa upande wa besi. Ile ya galoni imekolea sana, kwa hiyo ingawa inachukua ioni za haidrojeni kwenye maji kwa kiasi kidogo, gesi yenyewe inayotoka ni nyingi mno. Kilichompiga ni ukolezi. Ukiilinganisha kwa pH, amonia ya 0.1 ina pH 11.1, na sodiamu haidroksaidi ya 0.001 ina pH 11. Besi dhaifu imeipita besi yenye nguvu, na hapo hakuna maajabu.

#32 Ticha Jioni
Haya, niwape mtihani. Chukueni P na Q zilezile za pH 3, mililita 50 kila moja. Tumbukiza utepe wa magneziamu wa urefu sawa. Ipi itatoa mapovu kwa kasi zaidi mwanzoni? Kwa mantiki yenu, ioni zilizo huru ni sawa, kwa hiyo kasi ya mwanzo ni sawa. Mnakubali?

#33 Nusu Moli
Nakubali. Mwanzo sawa, halafu P inakata mapema kwa sababu haina akiba.

#34 Mzee wa Tindikali
Mwisho wake hauna ubishi. P ikiisha yote itatoa kama mililita 0.6 ya haidrojeni, Q kama 34, mradi utepe unatosha. Kasi ya mwanzo ndiyo yenye maneno. Kwa kufuata ioni, ni sawa.

#35 Bwana Majaribio
Mzee samahani, hilo nimeliona kwa macho na si sawa. Q inachemka tangu sekunde za mwanzo, P inatoa vipovu viwili vitatu vya kinyonge. Hata mtu aliye nyuma ya darasa anaziona tofauti.

#36 Bi Pipeti
Nami naona hivyo hivyo. Ninavyoelewa mimi, tatizo ni uso wa utepe. Ioni zilizogusana na metali zinatumika mara moja. Kwenye P lazima zisubiriwe nyingine zisafiri kutoka mbali, na ni chache. Kwenye Q molekuli nzima zimejaa palepale usoni, zinavunjika na kuziba pengo. Kwa hiyo "pH ni 3" ni kweli katikati ya bika, lakini karibu kabisa na utepe wa P si kweli tena.

#37 Mzee wa Tindikali
Au molekuli za ethanoiki zinashambulia metali moja kwa moja bila kupitia ioni iliyo huru. Hilo nalo lina watetezi wake. Na usisahau ngozi ya oksaidi juu ya utepe: asidi yenye akiba inaisafisha haraka, P inaweza kumaliza asidi yake nyingi kwenye ngozi tu. Je, utepe wenu uliusugua kwa msasa?

#38 Bwana Majaribio
Nilisugua. Ila kama nilisugua zote sawa, hapo siwezi kuapa.

#39 Bi Pipeti
Koroga kwa nguvu halafu linganisha. Kama maelezo yangu ni sahihi, tofauti itapungua ukikoroga. Kama molekuli zinashambulia zenyewe, kukoroga hakutaisaidia P sana.

#40 Chokochoko
Ticha kauliza swali la kumkomoa mtu, limekomoa wote akiwemo yeye.

#41 Kaka Mkubwa
Asanteni sana wakuu. Nimeandaa barua fupi ya kumpelekea mwalimu, ina hesabu ya #4 na vipimo vya #20. Dogo anasema tusiandike barua, tuombe ruhusa ya kuifanya maabara. Ila ana swali moja la mwisho kutoka karatasi hiyohiyo, naliweka hapa kwa kuwa sasa nimeiogopa miongozo: "Kokotoa pH ya asidi ya salfuriki ya moli 0.05 kwa lita." Mwongozo unasema 1.0, kwa sababu ni asidi yenye nguvu na kila molekuli inatoa ioni mbili.

#42 Ticha Jioni
Hiyo ni 1.0. Hapo hamna ubishi jamani.

#43 Mzee wa Tindikali
Upo. Ioni ya kwanza inatoka yote, ya pili haitoki yote. Ka ya hatua ya pili ni karibu 0.012, ukiiweka kwenye hesabu unapata pH ya 1.2 hivi.

#44 Nusu Moli
Kwa hiyo salfuriki ni yenye nguvu au dhaifu?

#45 Bi Pipeti
Hatua ya kwanza yenye nguvu, hatua ya pili dhaifu. Ila kwa mtihani wa sekondari mimi ningempa alama aliyeandika 1.0, mradi kaonyesha ioni mbili.

#46 Bwana Majaribio
Mimi nisingempa. Swali halijasema "chukulia zinavunjika zote".

#47 Ticha Jioni
Ukiwa na karatasi 200 mbele yako utampa tu.